Misokoto Iliyokauka Ndiyo Inayodumu

Kabla hujafumua kichwa kizima, fumua msokoto mmoja tu, wa kisogoni. Huko ndiko nywele za wengi zinakojaa zaidi, tena ndiko zinakobanwa na mto usiku kucha, kwa hiyo ndiko zinakochelewa kukauka. Ukishaufungua, uguse kwa shavu badala ya vidole, maana shavu linahisi ubaridi upesi. Ukihisi ubaridi, maji bado yamo. Usokote tena huo mmoja, funga kilemba, uvute subira. Anayefanya jaribio hilo na kulitii anaweza kufika siku ya nne au ya tano nywele zikiwa bado na mikunjo inayoonekana. Anayelipuuza kwa sababu daladala inamsubiri atakuta kichwa kimetimka kabla ya mchana, kisha ataitupia lawama jeli.

Mtindo wenyewe ni mwepesi kueleza. Nywele za asili zilizolowa husokotwa mafungu mawili mawili, zikaachwa zikauke, halafu zikafumuliwa: hiyo ni twistauti. Zikisukwa mafungu matatu badala ya kusokotwa, ni bredauti. Hakuna dawa wala pasi ya moto. Ugumu uko katika kuufanya mtindo udumu wiki ya kazi nzima, hasa kwa sisi tunaoishi karibu na bahari, na sababu za ugumu huo zimo ndani ya unywele wenyewe.

Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na nyuzi za protini hiyo zimeshikana kwa viungo. Viko viungo vya salfa, ambavyo ni imara. Dawa za kunyoosha nywele, na ile ya kalikiti iliyotamba miaka ya 1980, huvishambulia hivyo, ndiyo maana nywele zilizotiwa dawa hazirudi zilivyokuwa mpaka ziote mpya. Viko pia viungo vya haidrojeni, kimoja kimoja dhaifu lakini kwa pamoja ni vingi mno. Maji yakiingia, viungo hivi vinaachia. Maji yakitoka, vinashikana upya katika umbo ambalo unywele uko nalo wakati huo. Ukikaukia ndani ya msokoto, unashika umbo la msokoto. Ukifumuliwa ukiwa na unyevu, unamalizia kukauka ukiwa huru, na umbo utakaloshika ni lile la kujikunja ovyo lililouzoea.

Mlango huo hubaki wazi hata baada ya kufumua, kwa kuwa hewa nayo ina maji. Unywele huyanyonya kwa urahisi kiasi kwamba mwaka 1783 mwanasayansi wa Geneva, Horace-Bénédict de Saussure, alieleza kipimo cha unyevu wa hewa kinachotumia unywele wa binadamu: hewa ikilowa unywele unarefuka kidogo, ikikauka unafupika, na mshale unasogea. Unyevu wa hewa ukifika ukomo wake, unywele hubeba maji yanayokaribia theluthi moja ya uzito wake. Asubuhi za Dar es Salaam, Tanga au Mombasa unyevu wa hewa mara nyingi hupita asilimia 80, kwa hiyo mtindo unaanza kushambuliwa tangu unapofungua mlango wa nyumba. Dodoma wakati wa kiangazi mtu anaweza kufanya mambo nusunusu na bado akapendeza siku tatu. Pwani haikusamehe.

Ndiyo maana nimechagua kueleza kichwa kimoja cha pwani, cha muuguzi anayeishi Temeke, kilichohudumiwa na msusi anayefanyia kazi barazani kwake. Nywele zake ni kipilipili, zile ambazo kwa mpangilio wa namba huitwa 4C. Mpangilio huo ulienezwa miaka ya 1990 na Andre Walker, msusi wa Oprah Winfrey. Yeye aliishia 4B, na 4C ikaongezwa baadaye na wenye nywele wenyewe, kwa sababu walijiona hawamo. Unywele wa 4C hupinda kwa kona ndogo ndogo zilizobanana, kiasi kwamba ukitazama kichwa kizima huoni mzunguko bali wingu. Zikivutwa, nywele za muuguzi huyu zinagusa mabega, kama sentimita 25. Zikilowa na kuachwa, zinapanda mpaka masikioni. Anachotaka ni mikunjo inayoonekana, urefu usiopotea wote, na kichwa ambacho hakitamdai muda asubuhi anapowahi zamu.

Ijumaa jioni aliosha kwa shampuu, mara mbili, kwa sababu wiki iliyotangulia alikuwa amepaka siagi ya shea nzito. Jambo hili wengi hulipita. Mafuta na jeli vilivyolundikana hufanya misokoto iteleze, na maji hayaingii wala kutoka sawasawa. Baada ya shampuu ilifuata kondishena, na nywele zikachambuliwa zikiwa nayo, kwa vidole kwanza, kisha kwa chanuo lenye meno mapana, kuanzia nchani kupanda juu. Fundo lolote lililobaki ndani ya msokoto litaonekana siku ya kufumua, na hapo hutaweza kulitoa bila kuharibu mkunjo.

Kisha likaja swali la maji: zisokotwe zikiwa na unyevu kiasi gani? Zikiwa zinachuruzika, mikunjo hutokea mizuri kuliko yote, lakini zinarudi sana na zinaweza kuchukua siku nzima na zaidi kukauka. Zikiwa kavu kabisa hazishiki kitu, kwa sababu hakuna viungo vilivyoachia. Msusi alizifunga kwa fulana kuukuu ya pamba, ambayo hainyofoi nywele kama taulo, akaziacha dakika 20, halafu akazigawa sehemu nne na kuzibana. Zilipokuwa za kuhisiwa unyevu bila kudondosha tone, ndipo alipoanza. Kwa mtu anayetaka urefu zaidi, hufanya jambo ambalo bibi zetu walilijua: huzisuka kwa uzi usiku mmoja, zikauke zimenyooka, kesho yake huzipulizia maji kidogo fungu kwa fungu na kuzisokota. Inachukua siku ya ziada, lakini urefu unaopatikana ni mkubwa kuliko wa njia nyingine yoyote isiyo na moto.

Sasa kusokota kwenyewe. Hapa ndipo ninapoona makosa mengi, hata saluni za bei. Mtu anachukua mafungu mawili na kuyapitisha moja juu ya jingine mpaka chini, basi. Msokoto huo ukiuachia unafunguka wenyewe, na nywele zilizokaukia ndani yake hutoka na wimbi hafifu. Anayesokota kamba ya usumba Unguja hafanyi hivyo. Kila uzi huupotoa kwanza upande mmoja, kisha huzungusha nyuzi mbili pamoja kuelekea upande wa pili, na kwa kuwa kila uzi unataka kujifungua kuelekea upande ule ule ambao nyuzi mbili zimezungushwa pamoja, kamba inajikaza yenyewe. Nywele ni hivyo hivyo. Ukipotoa kila fungu kuelekea kulia kwa vidole, yazungushe mafungu mawili kuelekea kushoto, na usiache kupotoa mpaka nchani. Kipimo ni rahisi: achia ncha. Msokoto uliosokotwa vizuri hubaki umefungika.

Shina nalo lina tabia yake. Nusu inchi ya kwanza karibu na ngozi ndiyo huvimba mapema, kwa jasho, na msokoto unaoanza kwa ulegevu huacha shina likiwa wingu na ncha zikiwa na mikunjo, kana kwamba ni vichwa viwili. Msusi huyu huanza kila fungu kwa kusuka mafungu matatu, mapito mawili au matatu tu, kisha huunganisha fungu la tatu na mojawapo na kuendelea kusokota. Lishike shina bila kuvuta ngozi. Ukiona vipele vidogo au ngozi imenyanyuka pembezoni mwa paji, umekaza mno, na mtindo wowote unaoumiza kingo za nywele ufumuliwe saa hiyo hiyo. Ncha alizizungusha kidoleni mpaka zikajikunja. Ncha za muuguzi ni nzima. Kwa mwenye ncha zilizobaki na dawa ya zamani au zilizounguzwa na pasi, hata msokoto bora hautoi mkunjo pale, kwa hiyo huzungushiwa rola ndogo za plastiki, au zinakatwa. Mimi ningekata.

Walipata misokoto 26. Ingekuwa 12, kichwa kingejaa zaidi na kazi ingekwisha mapema, lakini mikunjo mipana hupotea haraka. Ingekuwa 50, ingedumu zaidi na kuonekana laini, ila ngozi ya kichwa ingeonekana katikati ya njia za mgawo, na kusokota kungekula usiku. Kwa nywele za ujazo wa kawaida, kati ya 20 na 30 ni mahali pazuri pa kuanzia.

Angeweza pia kuchagua bredauti. Mafungu matatu hubana nywele kwa nguvu zaidi na kuzinyoosha zaidi, hivyo unapata mawimbi ya kona kona, marefu, yanayostahimili unyevu kidogo kuliko mizunguko ya twistauti. Mwenye nywele laini zinazoteleza, ambazo misokoto hufumuka usiku, asuke. Mwenye kipilipili kinachotaka mzunguko uonekane, asokote. Katika miezi ya masika ningeshauri karibu kila mtu wa pwani asuke, kwa sababu hata wimbi likilegea bado linaonekana limekusudiwa.

Kuhusu vya kupaka, vitu viwili vinatosha: kondishena nyepesi isiyosuuzwa, kisha jeli. Kwa kila fungu alitumia kondishena ya ukubwa wa punje ya harage, akaisambaza, halafu jeli ya kiasi hicho hicho akiivuta kutoka shinani hadi nchani. Kabla ya yote alivichanganya viwili hivyo kiganjani. Vikichanganyika na kuwa laini, vitaelewana kichwani. Vikijitenga vikawa chembechembe nyeupe, chembe hizo hizo zitadondoka mabegani siku ya pili na watu watadhani una mba.

Jeli yenyewe alikuwa ameipika. Vijiko vitatu vya chakula vya mbegu za kitani katika vikombe viwili vya maji, moto wa wastani, unakoroga ili zisigande chini, kwa dakika zipatazo saba hadi kumi, mpaka maji yavutike kama ute wa yai. Inachujwa ikiwa bado moto kwa soksi nyembamba safi, maana ikipoa haichujiki. Ndani ya friji hukaa wiki moja. Ikianza kunuka uchachu, imwagwe.

Kwa jeli na kondishena za dukani kuna neno moja la kutafuta nyuma ya chupa: gliserini. Viambato huandikwa kwa mpangilio wa wingi, kilicho kingi kikitangulia. Gliserini huvuta maji, na ikiwa miongoni mwa vitano vya kwanza, huku unyevu wa hewa uko juu, inayavuta kutoka hewani na kuyaingiza kwenye nywele ulizohangaika kuzikausha. Chupa iliyomfaa rafiki yako wa Dodoma inaweza kukutimua nywele Tanga kwa sababu hiyo tu. Mafuta mazito, kama ya mnyonyo, yasitangulie jeli, kwa kuwa yanaizuia kugusa unywele. Yangojee siku ya kufumua.

Kazi ilimalizika saa mbili usiku. Muuguzi alitaka kufumua asubuhi yake aende sokoni akiwa amependeza.

“Dada, kesho funga kilemba uende hivyo hivyo,” msusi akamwambia. “Ukifumua kesho, Jumatatu utanirudia hapa.”

“Na nikikaa chini ya draya je?”

“Unaweza. Lakini ukitoka kwenye draya, kaa mpaka kichwa kipoe, ndipo uguse.”

Ushauri huo wa draya ni sahihi. Draya ya kofia kwa joto la wastani, dakika 45 hadi saa moja, hukamilisha kazi ya usiku mzima, lakini nywele zenye moto ni laini na hupindika, zinahitaji kupoa ndani ya msokoto. Yeye alichagua kusubiri. Usiku alilala na kofia ya satini, Jumamosi akashinda na kilemba chepesi cha pamba, na jioni akakaa bila kilemba mbele ya feni. Kofia ya plastiki juu ya nywele mbichi ni kosa. Maji hayana pa kwenda, na baada ya siku mbili shina hunuka.

Jumapili saa moja asubuhi alifanya jaribio la kisogoni. Msokoto ulikuwa mkavu na mgumu kidogo kwa jeli, ndivyo unavyotakiwa kuwa. Alipaka viganjani matone matatu ya mafuta ya nazi, akafumua kuanzia nchani, akizungusha kinyume na ulivyosokotwa. Kila msokoto ulimpa mikunjo miwili. Mingine iligawanyika zaidi, lakini pale tu ilipojifungua yenyewe, pasipo kulazimisha. Kadiri unavyogawanya, ndivyo kichwa kinavyojaa na ndivyo kinavyotimka mapema, kwa hiyo siku ya kwanza ugawe kidogo. Siku zijazo zitakugawanyia. Mwisho alichomeka meno ya chanuo shinani na kuinua juu mara chache ili kuficha njia za mgawo, bila kulipitisha mpaka nchani.

Usiku ndio huamua siku ya pili. Mwenye nywele ndefu huzikusanya zote utosini, akazifunga kwa kitambaa laini kilicholegea, na kulala hivyo. Za muuguzi hazifiki huko, kwa hiyo Jumapili usiku alizisokota tena, misokoto minane mikubwa, mikavu, bila kupaka kitu. Inachukua dakika kumi. Foronya ya pamba hunyonya mafuta na kukwaruza nywele, satini haifanyi hivyo. Asubuhi alioga akiwa amevaa kofia ya plastiki, akaivua alipotoka ndani, kwani mvuke wa bafu dogo unatosha kulegeza kazi yote.

Jumatatu zilikuwa nzuri kuliko Jumapili. Wengi huziona hivyo siku ya pili, jeli ikishalainika. Jumanne ilimkuta mvua kituoni. Upande wa kulia ulilowa na kupanda sentimita kadhaa. Hapo mkono huenda wenyewe kichwani kuzivuta na kuzinyoosha, na kila mguso juu ya nywele mbichi huvuruga mikunjo iliyobaki. Yeye alizibana kwa kitambaa, akamaliza zamu, na nyumbani akausokota upande ule peke yake, misokoto sita, kwa kupaka jeli kidogo kwenye ncha. Hakupuliza maji, yalikuwepo tayari. Asubuhi ya Jumatano ilikuwa imekauka. Haikulingana kabisa na upande wa pili, lakini alipozigeuzia nywele zote upande mmoja hakuna aliyejua. Laiti kichwa kizima kingelowa, asingejaribu kukiokoa. Angezirudisha zote katika misokoto, akafunga kilemba siku hiyo.

Alhamisi mikunjo ilikuwa imefunguka na shina limevimba. Alizisukuma nyuma na kuzifunga juu, zikawa pafu lenye ncha zilizojikunja, mtindo mwingine kabisa uliomfikisha Ijumaa. Kupuliza maji siku ya nne ili kufufua mikunjo haisaidii katika hewa ya Dar. Unaanza kazi upya ukiwa na uchafu wa siku nne kichwani.

Ijumaa jioni, kabla ya kuosha, alipaka mafuta vidoleni na kuzichambua zikiwa kavu, fungu kwa fungu. Zilitoka nywele nyingi, rundo la kutisha kwa asiyezoea. Kichwa cha kawaida hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku. Zilizosukwa au kusokotwa hazina pa kudondokea, kwa hiyo za siku zote hizo hutoka pamoja. Zikague. Unywele uliong'oka kwa wakati wake ni mrefu kama wenzake, na upande mmoja una kitone cheupe. Unywele uliokatika ni mfupi na hauna kitone. Vipande vifupi vikizidi kwenye rundo, angalia ncha zako, angalia jinsi unavyofumua, na wiki hiyo usisokote kwanza.